Swali la Gramu Mia: Watoto Wanapotungiana Chemshabongo



Jumapili moja baada ya swala ya adhuhuri, bibi mmoja mkaazi wa Ziwani alisimama mlangoni mwa chumba tunachosomeshea watoto hapa Kariokor. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akafungua fundo lililokuwa katika ncha ya leso yake. Mlikuwa na bangili nne za dhahabu, nyembamba kwa kuvaliwa miaka mingi.

"Sheikh," akasema, "mjukuu wangu amerudi na karatasi ya chuoni. Inasema mwenye gramu mia atoe mbili na nusu. Hizi nimezipeleka kwa sonara kupimwa, zimefika mia na ushei. Sasa nikate ipi?"

Karatasi ile ilitoka kwetu kweli. Juma lililotangulia tuliwaagiza watoto watunge maswali ya chemshabongo juu ya zaka, wabadilishane, wajibizane, kisha waende nayo nyumbani. Mjukuu wake alikuwa ametunga hivi: "Bibi ana dhahabu gramu 100. Atatoa zaka gramu ngapi?" Nyuma ya karatasi aliandika jibu: 2.5. Hesabu yake ilikuwa sawa, kwa kuwa zaka ya dhahabu ni robo ya kumi, yaani fungu moja katika 40. Lakini swali lenyewe lilikuwa pungufu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu, dhahabu ambayo mwanamke huivaa kuwa ni pambo la halali, bila kupindukia kiasi cha desturi, haina zaka. Bibi yule alikuwa akizivaa bangili zake tangu aolewe. Tulimweleza hivyo, naye akazirudisha mkononi moja baada ya moja akisema, "Basi mtoto kanitisha bure."

Hakutishwa na mtoto, bali na sisi tulioiachia karatasi itoke chumbani bila kuisoma. Tangu siku ile tumelibadili zoezi hili mara tatu, na kwa kuwa akina mama kadhaa wametuuliza namna linavyoendeshwa, juma hili tutalieleza kama lilivyo, pamoja na mahali lilipotushinda.

Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasioujua mtaa huu: Kariokor ni jina lililotoholewa kutoka Kiingereza, "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na soko lake linajulikana kwa viondo na viatu vya ngozi. Watoto wanaotujia wanatoka hapa hapa, Ziwani, Starehe, Pumwani na hata Ngara. Wamechanganyika asili, na wengine nyumbani kwao hufuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Tunalitaja hili kwa sababu litarejea mbele.

Sisi Waswahili hatuna ugeni na watoto kuulizana. Nani hakulelewa akisema "Kitendawili!" na wenziwe wakiitika "Tega!", na aliyeshindwa akadaiwa mji? Tulipowaambia watoto watunge maswali, hicho ndicho walichokifanya, kwa kuwa ndicho walichokijua. Walitega. Mmoja aliuliza ni mtu gani alizaliwa bila baba wala mama, akiwangoja wenziwe waseme Nabii Isa ili awacheke. Mwengine aliuliza idadi ya herufi katika neno fulani la kitabu, jambo ambalo hata mwalimu wake hana haja ya kulijua. Ikatudhihirikia kwamba kitendawili na swali la mtihani ni ndugu wasiofanana tabia. Mtega kitendawili hufurahi mwenzake akishindwa, maana ndipo apewapo mji. Mtunga mtihani, mwenzake akikosa, hutaka ajue amekosea wapi. Swali ambalo mtu hulikosa na hakuna anayejua kwa nini amelikosa halikupima kitu.

Na lipo kosa la upande wa pili. Lile swali la gramu mia, mtoto aliliwekea majibu manne ya kuchagua: 2.5, 700, 1000 na 100. Wote darasani walipata. Tulifurahi kwa muda mfupi, kisha tukajiuliza: ni mtu gani atatoa zaka ya gramu 700 kutoka katika gramu 100? Hata asiyejua zaka ni nini angeyaondoa majibu matatu kwa akili ya kawaida akabaki na moja. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza tunayoiangalia siku hizi. Swali likijibiwa na wote, upesi, bila hata mmoja kusita, huwa haliwapimi. Jibu lake limesimama uchi katikati ya majibu ya mzaha.

Kwa hiyo kanuni tuliyoiweka ni hii moja, na nyingine zote zinaitumikia. Mtunzi wa swali la majibu manne hana budi kuandika, nyuma ya karatasi, maneno machache kwa kila jibu lisilo sahihi: "Atakayechagua hili atakuwa amefikiri kwamba..." Asipoweza kuimaliza sentensi hiyo, jibu hilo halifai, alifute atafute jingine. Mtoto hawezi kuandika sentensi ile bila kuijua mada kwa pande zake zote. Ni lazima ajue lililo sawa, na ajue pia watu huteleza wapi. Hapo ndipo kuna elimu ya zoezi hili. Mengine ni karatasi na kalamu.

Jambo hili hatukulivumbua sisi. Katika Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, mhadhiri aitwaye Paul Denny alitengeneza mtambo wa mtandaoni uitwao PeerWise, ambamo wanafunzi hutunga maswali ya kuchagua, huyaambatanisha na maelezo ya jibu, kisha wenzao huyajibu na kuyapima ubora. Huko pia swali haliendi peke yake, huenda na maelezo. Na kabla ya hapo, mwaka 1996, Barak Rosenshine na wenzake wawili walichapisha mapitio ya tafiti zilizohusu kuwafundisha wanafunzi kujitungia maswali. Miongoni mwa misaada iliyofaa sana waliyoikuta ni kumpa mwanafunzi mwanzo wa swali, naye akaumalizia. Tulipolisoma hilo tulitandika ubaoni mianzo mitatu tu: "Kuna tofauti gani kati ya... na...?", "Itakuwaje iwapo...?", na "Kwa nini... na si...?" Maswali ya kuhesabu herufi yalipungua siku hiyo hiyo, kwani mianzo ile haimruhusu mtoto kuuliza jina na tarehe peke yake.

Sasa tueleze mwendo wa saa moja. Kila mtoto hupewa nusu ya karatasi na nambari badala ya jina. Nambari huificha hofu. Mdogo anayemsahihisha mkubwa haogopi, na rafiki hampendelei rafiki, au angalau humchukua muda kuutambua mwandiko wake. Kwa dakika ishirini anatunga swali moja. Tuliwahi kuwataka watatu kila mmoja, tukapata maswali matatu mabovu. Mbele huandika swali na majibu manne, nyuma huandika jibu sahihi na zile sentensi zake tatu, kisha anaukunja upande wa nyuma na kuubana kwa pini.

Tunazikusanya na kuzigawa upya. Anayepokea hujibu, na kabla ya kufungua pini huandika mambo mawili: kwa nini amechagua alichochagua, na neno gani katika swali lilimsumbua. Utaratibu huu ni muhimu. Akifungua kwanza, hujidai kwamba alijua tangu awali, na ushahidi wa fikira zake umepotea. Baada ya kufungua hulinganisha. Wakiafikiana, vyema. Wakitofautiana, karatasi huletwa mezani kwetu ikiwa na maneno ya wote wawili, na hiyo ndiyo karatasi tuitakayo.

Tuichukue ile ya gramu mia iliporudi mara ya pili. Mjukuu wa bibi yule, kijana wa Gredi ya 7, alitaka kulitengeneza swali lake mwenyewe, maana nyumbani walikuwa wamemtania sana. Aliyatupa majibu ya mzaha, akaweka haya: 0.375, 2.5, 10, na "hana zaka". Nyuma akaeleza. Atakayechagua 0.375 atakuwa amefikiri kwamba gramu 85 za nisabu zinasamehewa, zaka inatoka katika 15 zilizozidi tu. Atakayechagua 10 atakuwa amechanganya dhahabu na mazao yanayonyweshwa na mvua, ambayo hutolewa fungu moja katika kumi. Atakayesema hana zaka atakuwa hajui kwamba 100 imeshavuka nisabu. Tukiyasoma maelezo yale tulitamani tungekuwa tumeyaandika sisi.

Karatasi ilimwangukia binti mmoja wa Gredi ya 6, msichana wa maneno machache ambaye hatukumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono. Alichagua "hana zaka". Katika sababu yake aliandika: "Haikusemwa kama anaivaa. Mama yangu anaivaa." Na penye neno lililomsumbua akaandika: "Haikusemwa imekaa muda gani."

Kijana alikuja juu. "Ustadhi, huyu amekosa! Mia imepita themanini na tano!" Binti hakujibu, aliinamisha kichwa. Tukamuuliza kijana: bangili za bibi yako zilikuwa gramu ngapi? Akanyamaza kitambo, kisha akacheka mwenyewe. Kosa lililompeleka bibi kwa sonara alikuwa amelirudia neno kwa neno, na aliyeliona ni mdogo kuliko wote chumbani. Tulikumbuka hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari, ambapo Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwauliza maswahaba juu ya mti mmoja usiopukutisha majani, na Ibn Umar akalijua jibu kuwa ni mtende lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Binti huyu naye, lau tungeuliza kwa mdomo, asingesema. Karatasi ilimsemea.

Hapo mtoto wa tatu, anayetoka Ngara, akaingilia kati. Kwao, alisema, mama yake hutoa zaka ya mapambo yake kila mwaka, ayavae asiyavae. Naye alikuwa sahihi, kwani ndivyo ilivyo katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Watoto watatu, majibu mawili, na hapana mjinga kati yao. Aliyekuwa na upungufu ni swali. Hii ndiyo dalili ya pili tunayoiangalia. Wanafunzi wanaoijua mada wakilikosa swali, au wakigawanyika juu yake, tusikimbilie kuwakata alama. Kwanza tulishuku swali, kisha tulishuku jibu lililoandikwa nyuma yake.

Walikaa wote watatu wakaliandika upya, na lilitoka hivi: "Mwanamke anayefuata madhehebu ya Imamu Shafi ana vipande vya dhahabu safi vya gramu 100. Haivai, ameiweka akiba, na imetimiza mwaka mmoja wa Kiislamu ikiwa mikononi mwake. Zaka yake ni gramu ngapi?" Neno "safi" liliongezwa na mtoto wa Ngara, ambaye baba yake ana ujuzi wa madini na amemfundisha kwamba dhahabu ya sonara huchanganywa na madini mengine. Swali limerefuka, nasi hatupendi maswali marefu, lakini kila neno lililoongezwa lilifunga mlango uliokuwa wazi.

Tulilipeleka kwa darasa zima. Wengi walipata 2.5. Watano walichagua 0.375. Watano hao walitufaa kuliko waliopata, kwa kuwa sasa tulijua fikira yao ni ile ile iliyotabiriwa nyuma ya karatasi. Mmoja wao alitueleza kwamba alidhani nisabu ni kama kile kiasi cha mshahara kisichotozwa kodi. Kumbe sisi tulikuwa tumesomesha nisabu kwa miaka bila kusema kwa uwazi kwamba ni mlango tu. Mali ikishaingia, zaka hutolewa katika mali yote, si katika kilichozidi. Somo la juma lililofuata lilianzia hapo, na halikuchukua hata robo saa.

Haya yote yana mipaka, na tusiyafiche. Watoto hawapeani alama zinazoingia katika ripoti. Tulijaribu mara moja, na ndugu wawili waliokuwa wamegombana asubuhi wakalipizana jioni kwa kalamu. Tangu hapo mtunzi hupata nyota moja kutoka kwetu, mwalimu, si kwa wenzake, na huipata kwa ubora wa sentensi zake za nyuma. Aliyejibu naye hupata nyota kwa sababu aliyoiandika, hata ikiwa jibu lake si sahihi. Waliomzoea mtihani wa kukimbizana hili huwakera mwanzoni.

Pia zoezi halifai siku ya kwanza ya mada. Mtoto asiyejua kitu hawezi kutabiri makosa ya wenziwe. Atanakili swali kutoka kitabuni na kubadili jina la mtu. Sisi hulifanya mada ikishamalizika, na si zaidi ya mara moja kwa majuma mawili, kwani linachosha. Madogo wa chini ya Gredi ya 4 tunawaacha na vitendawili vyao, wana haki navyo.

Na hakuna karatasi itokayo nje kabla hatujaisoma pande zote mbili. Kosa la mtoto likibaki chumbani huwa ni somo. Likifika nyumbani likiwa na jina la madrasa juu yake, huwa ni fatwa.

Akina mama wanaotaka kujaribu nyumbani wanaweza kuanza na watoto wawili na somo la shule, si lazima la dini. Hesabu za vipande hufaa sana: mwambie mkubwa atunge swali la nusu jumlisha thuluthi, aweke miongoni mwa majibu lile la mtu aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, yaani mbili juu ya tano, na aeleze kwa maandishi mtu huyo alifikiri nini. Mdogo ajibu na aandike sababu kabla ya kuonyeshwa kitu. Mama asiwahi kusema nani kashinda. Akiona mkubwa anatunga kwa kukomoa, amuulize tu: "Wewe ulipokuwa hujui, ulikosea vipi?" Mara nyingi hapo ndipo majibu mazuri ya kupotosha yanapopatikana, katika makosa ya mtunzi mwenyewe.

Kijana wetu aliomba ruhusa aipeleke karatasi mpya kwa bibi yake, nasi tukaisoma mara mbili kabla ya kumpa. Jumapili iliyofuata iliturudia ikiwa na mwandiko mwingine chini yake, herufi kubwa zilizopinda. Bibi hakuchagua jibu lolote. Alikuwa ameuliza: "Na aliyenunua bangili si za kuvaa yeye, amemwekea mjukuu wa kike mpaka aolewe, je?"

Swali hilo ndilo watoto wanalolitungia majibu manne Jumapili hii. Upande wa nyuma tumeuandika sisi wenyewe.